Kistari Mbele ya Sifuri: Mwenyekiti wa Ushirika Anavyotuma Mahali Shamba Lilipo

(Muziki wa kufungulia, sekunde 10. Ushuke taratibu chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Jambo kwenu wa hapa Nakivale, na jambo kwenu mnaotusikia kutoka Kyangwali, Kyaka ya Pili, Rwamwanja, Kakuma na Nyarugusu. Kama mko katika kikundi cha kusikiliza, mwenye nakala ya kipindi aiweke mahali wote wanaiona, kwa sababu leo kuna namba za kutazama. Kama uko peke yako na redio, chukua kalamu na karatasi. Namba nitazisoma polepole, mara mbili.

Leo nasema na wenyeviti wa vyama vya ushirika wa kilimo, na pia waandishi wenu na vijana mnaowatuma kwa sababu wao ndio wenye simu kubwa. Tutaona jinsi ya kusoma namba za mahali shamba lilipo kwa simu, na jinsi ya kuzituma kwa ujumbe ili mtu aliye mbali afike hapo hapo bila kuuliza njia. Anaweza kuwa mwenye trekta, bwana shamba, au gari linaloleta mbegu.

Nianze na kosa. Kosa lenyewe ni langu mimi.

(Kimya kifupi.)

Kuna ushirika mmoja hapa Nakivale wenye watu 18, wakimbizi na wenyeji pamoja, ambao walikodi ekari 6 za kulima mahindi na maharage. Mwenyekiti wao ni mama mmoja ninayemheshimu sana, nami nitamwita Mama Mwenyekiti. Mvua za Machi zilikuwa zinakaribia. Walikuwa wamechanga pesa za trekta, wakapatana bei kwa simu na mwenye trekta aliyeko mjini, wakatuma nusu ya malipo. Yule mtu akasema, nitumieni location ya shamba. Mama akaniita kwa sababu alijua nina simu ya mguso.

Nilikwenda, nikasimama shambani, nikapata namba. Bando langu lilikuwa limekwisha, kwa hiyo nilizinakili kwenye kipande cha karatasi, na Mama akazituma jioni kwa simu yake ndogo ya vitufe. Kwenye kioo cha simu yangu palikuwa na namba hizi. Tarakimu za mwisho nimezibadilisha ili shamba la watu lisitambulike, lakini mfano ni ule ule:

```
-0.78126, 30.94873
```

Nami kwenye karatasi niliandika hivi:

```
0.78126, 30.94873
```

Ziangalieni vizuri. Tarakimu zote ni sawa. Kilichopotea ni kistari kimoja mbele ya sifuri ya kwanza. Nilikiona kwenye kioo nikadhani ni alama tu ya mapambo, kama nukta inayowekwa mbele ya mstari.

Asubuhi yake mwenye trekta akapiga simu kwa hasira. Alisema tumemdanganya, kwamba shamba liko upande wa Kibaale na si Isingiro, na kwamba mafuta ya kufika kule hayamo katika bei tuliyopatana. Mama akamwambia hapana baba, sisi tuko Nakivale. Yeye akajibu kwamba ramani yake inaonyesha Kibaale. Simu ikakatika. Siku ile ile trekta likaenda kwa mtu mwingine. Mpaka tukaelewana naye na zamu yetu ikarudi, zilikuwa zimepita siku 11, na majirani walikuwa wamekwisha kupanda kwa mvua ya kwanza.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Sasa, kistari kimoja kinawezaje kupeleka shamba Kibaale? Hapa inabidi tujue namba zile mbili zinasema nini. Ukishajua, hutazisahau.

Dunia imegawanywa na mstari wa Ikweta katika upande wa kaskazini na upande wa kusini. Namba ya kwanza inasema uko umbali gani kutoka Ikweta. Ikiwa haina kitu mbele yake, uko kaskazini ya Ikweta. Ikiwa ina kistari cha kutoa, uko kusini. Wasomi huiita latitudo. Namba ya pili, longitudo, inasema uko umbali gani upande wa mashariki, ukihesabu kutoka mstari unaopita Greenwich, Uingereza. Katika nchi zetu hizi namba ya pili haina kistari, kwa sababu sisi sote tuko mashariki ya mstari ule.

Ikweta inapita ndani ya Uganda. Nakivale iko kusini yake, lakini si mbali, haifiki hata digrii moja. Ukiondoa kistari, simu inapima umbali ule ule kutoka Ikweta, ila upande wa kaskazini. Digrii moja ni karibu kilomita 111. Sisi tuko sifuri nukta saba nane kusini. Ukivuka hadi sifuri nukta saba nane kaskazini, umesogea kilomita zaidi ya 170. Na kule unakofika si baharini wala si jangwani. Ni Uganda hii hii, upande wa Kibaale, penye migomba, mahindi na barabara za vumbi. Ndiyo maana mwenye trekta hakushtuka na kusema namba imekosewa. Aliona mahali penye mashamba, akadhani tumemficha umbali.

Nilipomweleza Mama Mwenyekiti hayo, alinitazama kwa muda, akasema, “Mwanangu, namba ya simu ukikosea tarakimu moja, inaita mtu mwingine. Kumbe na hii ni hivyo?” Nikamwambia, ndiyo mama, ni hivyo.

Kwa hiyo, kila mwenyekiti ajue namba za kwake zinaanzaje. Andika kwenye karatasi. Nakivale: namba ya kwanza inaanza na kistari, halafu sifuri. Rwamwanja na Kyaka ya Pili: inaanza na sifuri bila kistari, kwa sababu ninyi mko kaskazini ya Ikweta. Kyangwali: inaanza na moja, bila kistari. Kakuma: inaanza na tatu, bila kistari. Nyarugusu, Tanzania: inaanza na kistari, halafu nne. Namba ya pili kwa wengi wetu inaanza na 30 au 31. Kwa Kakuma inaanza na 34. Ukiona mwanzo mwingine, usitume kwanza.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Twende sasa shambani, tusome namba hatua kwa hatua. Ninatumia simu ya mguso ya Android yenye programu ya ramani inayoitwa Google Maps, kwa sababu simu nyingi zinakuja nayo. Simu ya vitufe kwa kawaida haiwezi kusoma mahali ilipo, lakini inaweza kutuma na kupokea namba. Kwa hiyo ushirika mzima unaweza kuazima simu moja ya mguso kwa nusu saa, kisha ukatumia simu yoyote siku zote.

Kwanza, simama shambani kweli kweli. Usiwe chini ya mwembe, wala ukutani mwa nyumba yenye mabati. Simu inapokea mawimbi kutoka setilaiti zilizo juu sana angani, na inahitaji kusikia angalau nne ili ijue iko wapi. Ni kama redio yako hii: inapokea tu, haitumi kitu. Ndiyo maana kazi hii yenyewe haili bando. Bila bando, mchoro wa ramani unaweza kuwa mtupu, wa kijivu bila barabara wala majina, lakini mahali ulipo bado pataonekana. Inaweza tu kuchukua dakika kadhaa, hasa kama simu haijatumiwa hivyo kwa muda mrefu. Vumilia.

Pili, telezesha kidole kutoka juu ya kioo kwenda chini, utafute alama yenye neno Location, uiwashe. Kama simu yako iko katika Kifaransa, tafuta Localisation au Position.

Tatu, fungua Maps, ubonyeze kitufe cha mviringo kilicho chini upande wa kulia. Ramani itakuja mahali ulipo, na utaona nukta ya rangi ya samawati. Kama nukta ni ya kijivu, subiri. Nukta ya kijivu maana yake simu inakuonyesha mahali ulipokuwa zamani, labda nyumbani au sokoni, kwa sababu bado haijapata mahali pa sasa.

Nne, tazama duara jepesi linaloizunguka nukta ile. Duara hilo ni shaka ya simu. Simu inasema, najua uko ndani ya duara hili, sijui ni wapi hasa. Mwanzoni linaweza kuwa kubwa kuliko shamba zima. Subiri dakika moja au mbili likiwa linapungua. Halafu fanya jaribio hili: tembea hatua 30 kuelekea upande mmoja. Nukta isogee pamoja nawe. Isiposogea, bado haijakamata.

Tano, vuta ramani kwa vidole viwili ikaribie sana, mpaka nukta iwe peke yake kwenye kioo. Hili watu wengi wanaliruka. Simu itakupa namba za mahali kidole kinapogusa, si namba za mahali miguu yako ilipo. Ramani ikiwa mbali, kidole kimoja kinafunika kijiji kizima. Ikiwa karibu, weka kidole juu ya nukta ya samawati, ubonyeze bila kuachia mpaka alama nyekundu itokee. Namba zitaonekana juu kwenye kisanduku cha kutafutia, au chini penye maandishi Dropped pin. Ukivuta maandishi hayo juu utaziona zote.

Sita, usizinakili kwa mkono kama nilivyofanya mimi, ikiwa unaweza kuepuka. Ziguse namba zenyewe, simu itazichukua, kisha nenda kwenye ujumbe, bonyeza mahali pa kuandika bila kuachia, uchague Paste. Kistari kitakuja chenyewe, nukta itakuja yenyewe.

Kuna simu au programu nyingine zitakupa namba kwa sura hii:

```
0°46'52.5"S 30°56'55.4"E
```

Hapo ni mahali pale pale pa mfano wetu, ila pamesemwa kwa digrii, dakika na sekunde. Herufi S ni kusini, E ni mashariki, na N ingekuwa kaskazini. Si kosa, lakini usiibadilishe wewe mwenyewe ukaandika 0.4652. Dakika ni sehemu ya 60, si sehemu ya 100, na ukifanya hivyo utalipeleka shamba mbali zaidi ya kilomita 35. Tuma ilivyo na herufi zake, au tafuta sura ile ya kwanza.

Na sura ile ya kwanza, je, tarakimu ngapi baada ya nukta zinatosha? Tano. Tarakimu ya tano ni kama mita moja, ya nne ni kama mita 11, ya tatu ni mita 110. Ukiacha tatu tu, dereva atafika shamba la jirani. Simu ikikupa sita au saba, hazidhuru, lakini hazikuongezei kitu, kwa sababu simu yenyewe mahali pa wazi hukosea mita kadhaa, mara nyingi kati ya 3 na 10.

Hapo nataka wenyeviti mnisikilize vizuri, kwa sababu najua baadhi yenu mna kesi za mipaka. Namba hizi zinamleta mtu shambani. Haziamui mpaka. Chukua kiwanja cha mita 30 kwa 30. Simu ikikosea mita 5 tu, huo ni upana wa matuta kadhaa ya mihogo. Ukisimama kwenye mti wa mpaka leo na kesho, simu inaweza kukupa tarakimu za mwisho tofauti, na mti haujahama. Asije mtu akamwambia jirani yake, simu imesema mgomba huu ni wangu. Mambo ya mpaka yabaki kwa wazee, viongozi na wapimaji wenye vifaa vya kupimia.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Namba tunazo. Sasa tuandike ujumbe. Safari ya pili Mama Mwenyekiti alituma hivi, na mwaka wote ushirika wao umetumia mtindo huu:

```
USHIRIKA - SHAMBA LA MAHINDI
Mlango wa gari:
-0.78126, 30.94873
Kusini ya Ikweta. Nakivale, Isingiro.
Kutoka barabara kubwa, kushoto penye
kisima. Nijibu: unaona kijiji gani?
```

Nieleze mistari hiyo. Wa kwanza unasema ni shamba gani, kwa sababu ushirika unaweza kuwa na mashamba matatu, na mtu wa mjini ana ujumbe wa vyama kumi. Wa pili unasema nukta hii ni ya nini. Trekta halitaki katikati ya shamba, linataka mahali linapoweza kuingia bila kukanyaga maharage ya watu. Bwana shamba naye anaweza kutaka katikati. Basi simama hapo panapotakiwa, na uandike ni wapi.

Namba zina mstari wake peke yake, bila maneno mengine, ili anayepokea azichukue na kuziweka kwenye ramani yake bila kuzisafisha. Tumia nukta ndani ya namba, si mkato. Najua waliosoma kwa Kifaransa, Kongo au Burundi, walifundishwa kuandika sifuri mkato saba nane. Simu inaweza kukuelewa vibaya. Mkato ubaki mmoja tu, kati ya namba ya kwanza na ya pili.

Halafu maneno: kusini ya Ikweta, Nakivale, Isingiro. Haya ndiyo yangetuokoa siku ile. Kama kistari kingepotea lakini maneno yakabaki, mwenye trekta angeona mambo mawili yanagombana, namba inasema Kibaale na maneno yanasema Isingiro, naye angeuliza kabla ya kukasirika. Usiache namba isafiri peke yake.

Kwenye simu ya vitufe, kistari na nukta hupatikana kwa kubonyeza kitufe cha moja au cha nyota mara kadhaa. Ukikosa kabisa kistari, andika herufi S baada ya namba ya kwanza na E baada ya namba ya pili. Na kama unasoma namba kwa mdomo kwenye simu, soma tarakimu moja moja: kistari cha kutoa, sifuri, nukta, saba, nane, moja, mbili, sita. Usiseme sabini na nane elfu. Kisha mwambie azirudie kwako.

Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote: Nijibu, unaona kijiji gani? Mtu akijibu “sawa”, hujui kama amefungua ramani au ameitikia tu. Akijibu jina la kijiji, umejua. Siku ile ya pili mwenye trekta alijibu baada ya nusu saa. Aliandika kwamba anaona Nakivale, na ziwa liko karibu. Mama akanisomea ujumbe ule mara mbili. Trekta lilifika kesho yake saa mbili asubuhi, na dereva hakumpigia mtu yeyote kuuliza njia.

Na kabla hujatuma kwa mtu wa mjini, jitumie kwanza. Tuma kwa simu ya mwanachama mwenzako aliyesimama nawe pale shambani, mwenye bando kidogo. Aziweke namba kwenye kisanduku cha kutafutia cha Maps. Alama nyekundu ianguke karibu kabisa na nukta yake ya samawati. Ikianguka kwingine, kosa liko mikononi mwenu na miguu bado iko shambani. Ni rahisi kulirekebisha hapo kuliko baada ya siku 11.

(Kimya kifupi.)

Wengine mtasema, mbona WhatsApp inatuma mahali kwa kubonyeza mara moja? Ni kweli, na ni njia nzuri kama wote wawili mna bando. Inakuandikia hata shaka yake, kwa mfano Accurate to 5 meters. Ukiona pameandikwa mita 60, subiri kwanza ishuke. Lakini kuna vitufe viwili hapo, msivichanganye. Send your current location inatuma mahali ulipo sasa, mara moja, basi. Share live location inamwonyesha mtu unakokwenda, hatua kwa hatua, kwa dakika 15, saa 1 au saa 8, mpaka nyumbani kwako. Kwa shamba tumia ile ya kwanza.

Na hili nalisema kwa uzito, kwa sababu baadhi yetu tulikimbia watu wanaoweza bado kututafuta. Namba za shamba ziende kwa mtu mmoja mnayefanya naye kazi. Zisiwekwe kwenye kikundi cha watu 200. Na usisomee namba mlangoni mwa nyumba yako kwa uvivu wa kutembea hadi shambani. Kwanza dereva atakuja nyumbani na si shambani. Pili, umempa mtu usiyemjua mahali watoto wako wanapolala.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tumalize kwa zoezi la vikundi vya kusikiliza. Shamba liko Nakivale. Hapa kuna ujumbe wa aina tatu, na kila mmoja una kosa. Mwenye nakala azisome, wengine mtafute.

```
A:  0.79340, 30.92115
B:  -0,79340 30,92115
C:  30.92115, -0.79340
```

Nawapa muda kidogo.

(Muziki, sekunde 20.)

Haya. Ujumbe A umekosa kistari, kama mimi. Shamba limehamia upande wa Kibaale. Ujumbe B una mkato mahali pa nukta. Mtu mwenye akili ataelewa, lakini simu yake inaweza isielewe. Ujumbe C namba zimebadilishana nafasi, ya pili imekuja mbele. Ukiiweka kwenye ramani utajikuta katika jangwa la Sahara, Aljeria. Hilo walau linaonekana haraka, mtu atacheka na kukuuliza. Kosa la A ndilo la kuogopa, kwa sababu linafanana na kweli. Ujumbe sahihi ni huu, na naomba uandike: kistari, sifuri, nukta, saba, tisa, tatu, nne, sifuri. Mkato. Thelathini, nukta, tisa, mbili, moja, moja, tano. Narudia: kistari, sifuri, nukta, saba, tisa, tatu, nne, sifuri. Mkato. Thelathini, nukta, tisa, mbili, moja, moja, tano.

Mama Mwenyekiti sasa ana daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika mashamba matatu ya ushirika, kila moja na mlango wake wa gari, namba zake, na kando yake neno KUSINI kwa herufi kubwa. Hana haja ya kuniita tena kila msimu, kwa sababu shamba halihami. Msimu huu alituma mwenyewe kwa simu yake ya vitufe. Aliponionyesha ujumbe kabla ya kutuma, nilitaka kuusoma wote. Yeye akaweka kidole kwenye kistari, akasema, “Soma hapa kwanza.”

Kama ushirika wenu una maswali, andikeni kwenye karatasi, mwenye kikundi atatuletea. Msiandike namba za mashamba yenu kwenye karatasi hiyo. Mimi ni mtangazaji wenu, nawaaga kutoka Nakivale. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga, upande kisha uzimike.)